Sahani za Kariakoo hadi Mwanjelwa: barua ya kuombea bima

Barua yake ya kwanza ilikuwa na sentensi mbili. "Naomba kukatiwa bima ya mzigo wangu wa vyombo kutoka Dar hadi Mbeya. Thamani yake ni shilingi milioni 24." Chini yake saini na namba ya simu, basi. Aliyeiandika ni mama mwenye duka la sahani, glasi na chupa za chai pale Mwanjelwa, ambaye kila mwezi hushuka Kariakoo kufungasha. Wakati huo nilikuwa nakaa kwenye meza ya wakala wa bima, na kazi yangu ilikuwa kupokea barua kama hizo kabla hazijafika kwa wakubwa wanaoamua. Nilimrudishia, naye hakufurahi.

"Mwanangu, kwani kumepungua nini? Mzigo nimetaja, pesa nimetaja. Halafu hilo lori lenyewe lina bima, dereva amenionyesha karatasi."

Hapo kwenye lori ndipo wengi wanapojikwaa. Bima ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kuwa nayo ni ya kumfidia mtu wa tatu: aliyegongwa, aliyeumizwa. Haifidii shehena iliyo mgongoni mwa lori. Hata bima kubwa, ile inayotengeneza lori lenyewe likipinduka, inamhusu mwenye lori na bati lake. Sahani ni zako na zikivunjika ni zako, isipokuwa kama wewe mwenyewe umezikatia bima ya mizigo safarini, au msafirishaji ana bima ya dhamana yake kwa mizigo ya wateja. Hii ya pili, kwa malori madogo ya kuchangia, ni adimu kuikuta, na hata ikiwepo lazima kwanza ithibitike kwamba kosa ni la msafirishaji.

Kwa hiyo tulikaa tukaiandika upya. Alisema yeye, nikaandika mimi, na kila alipotaja jambo kwa juujuu nilimuuliza mpaka likawa na umbo. Ilitoka hivi, majina nimeyaondoa na tarakimu nimezisawazisha ili hesabu zifuatike.

"Meneja, Tawi la Mbeya.

YAH: MAOMBI YA BIMA YA MZIGO UNAOSAFIRISHWA KWA BARABARA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mfanyabiashara wa vyombo vya nyumbani, nina duka katika soko la Mwanjelwa. Naomba bima ya mwaka mmoja kwa mizigo yangu mwenyewe inayotoka Kariakoo, Dar es Salaam, hadi dukani kwangu.

Nasafirisha mara moja kwa mwezi. Mzigo wa kawaida ni katoni 70 za sahani za kauri zenye thamani ya shilingi 12,600,000, katoni 30 za glasi zenye thamani ya shilingi 4,500,000 na katoni 20 za chupa za chai zenye thamani ya shilingi 6,000,000. Nauli ni shilingi 900,000. Jumla ni shilingi 24,000,000. Mwezi wa Novemba na wa Desemba mzigo hufika shilingi 30,000,000. Kwa mwaka mzima nakadiria shilingi 300,000,000.

Sahani na chupa za chai zinabaki katika katoni za kiwandani ambazo hazijafunguliwa. Glasi nanunua za rejareja kutoka maduka matatu, na zinafungwa upya katika katoni mpya za tabaka tano zenye vigawanyo vya karatasi ngumu, kila glasi katika chumba chake. Hakuna katoni inayozidi kilo 20. Katoni zote zinaandikwa KIOO kwa rangi nyekundu pande mbili, na mshale wa kuonyesha juu.

Kutoka madukani mzigo unabebwa kwa guta hadi yadi ya malori, ambako unakaa saa chache chini ya paa. Unapakiwa kwenye Fuso ya bodi ya mbao, mizigo yangu ikiwa pamoja na ya wafanyabiashara wengine, na unafunikwa kwa maturubai mawili. Lori huondoka jioni na kupita Chalinze, Morogoro, Mikumi, Kitonga, Iringa, Mafinga na Makambako hadi Uyole, karibu kilomita 830. Dereva hulala Iringa usiku mmoja katika maegesho yenye uzio na mlinzi. Yeye au utingo hubaki garini. Uyole mzigo unahamishiwa kwenye kirikuu mbili hadi dukani.

Naomba bima ianze mzigo unapotoka mlangoni pa duka la jumla na iishe unapoingia dukani kwangu, ikiwa ni pamoja na kupakia, kuhamisha na kushusha. Naomba ihusu ajali ya gari, moto, wizi, kulowa na kuvunjika.

Miaka mitatu iliyopita nimepata hasara mara mbili: glasi zilizovunjika wakati wa kushusha, karibu shilingi 400,000, na katoni mbili za chupa za chai zilizopotea njiani. Sijawahi kuwa na bima, wala kukataliwa bima.

Wako katika biashara."

Ukiisoma haraka utaona ni maneno mengi kwa ajili ya sahani. Lakini anayeamua kule ofisini hajawahi kuiona Fuso ile wala hamjui mama yule. Ameletewa karatasi, na anauzwa hatari asiyoiona. Sheria ya bima inamtaka mwombaji aseme bila kuulizwa kila jambo ambalo lingemfanya mtu makini akubali, akatae au apandishe ada. Ndiyo maana zile hasara mbili zimo. Mama alitaka tuziache. "Si nitaonekana mkosi?" Nilimwambia kwamba zikijulikana baadaye, siku ya madai, zitaonekana uongo, na uongo unavunja bima yote, hata kwa sahani ambazo hazihusiani na glasi za miaka mitatu nyuma.

Sasa tuingie kwenye ufungaji, maana ndiko madai mengi ya vyombo hufia.

Karibu kila hati ya bima ya mizigo ina kipengele kinachosema kampuni haitalipa hasara iliyotokana na ufungaji usiotosha. Neno lenyewe, "usiotosha", ni la kubishaniwa, lakini maana yake ni hii: mzigo uwe umefungwa kuhimili safari ya kawaida ya njia ile. Matuta ya barabarani ni safari ya kawaida. Breki za ghafla ni safari ya kawaida. Kuli kuitua katoni kwa kishindo ni kawaida pia, tupende tusipende. Bima inakuja kwa lile lisilo la kawaida: lori limepinduka, limegongwa, limeshika moto, limeporwa, turubai limechanika mvua ikaingia.

Ndiyo sababu barua haikusema tu kwamba vyombo vimefungwa vizuri. Kila mtu hufunga vizuri. Ilisema katoni ni za nani, za tabaka ngapi, ndani kuna nini, na uzito wake. Kilo 20 si tarakimu ya kupamba. Katoni ambayo mtu mmoja anaibeba bila kuhangaika huwekwa chini. Ile ya kilo 45 hutupwa, na hakuna maandishi mekundu yatakayoiokoa. Sahani hukaa kwa ubavu, zikiwa zimesimama kama vitabu kwenye rafu, kwa sababu ukizilaza ile ya chini hubeba uzito wa zote kila gurudumu linapoingia shimoni. Glasi zisigusane. Na katoni iliyojazwa sawasawa ukiitikisa sikioni haitoi sauti. Ikilialia, kuna nafasi ndani, na kitu chenye nafasi kitatembea kilomita 830 ndani ya katoni yake.

Katoni kuukuu ni balaa linalojificha. Kariakoo glasi za rejareja hufungwa katika maboksi yoyote yaliyo karibu: ya sabuni, ya biskuti, ya juisi. Karatasi yake imeshakunjwa na kulowa mara kadhaa, nguvu ya kusimama imekwisha. Ikiwa ya chini kabisa kwenye rundo la sita, inalegea pembe taratibu, na rundo zima linaegemea upande. Mama alikuwa akitumia hizo hizo. Nilimweleza wazi kwamba nikiandika "katoni mpya" ni lazima anunue katoni mpya kila safari, kwa sababu sentensi hiyo ikishapokelewa inakuwa sharti na haiwi maelezo tena. Alipiga hesabu, akasema atanunua.

Njia nayo ina mambo yake. Watu huandika "Dar hadi Mbeya" kama vile ni waya ulionyooka. Kwa mtoa bima, kilomita 830 za lami zina sehemu chache zinazomnyima usingizi, na nyingine ni za kupita tu. Kati ya Morogoro na Mikumi anafikiria wanyama wanaovuka barabara katika hifadhi na dereva anayekwepa ghafla. Kitonga anafikiria lori lililozidiwa linalopanda kona kwa gia ya chini huku shehena yote ikiegemea mlango wa nyuma. Katoni zilizopangwa karibu na mlango huo hubeba mlima wote. Kuanzia Makambako anafikiria mvua, hasa Desemba hadi Aprili, na karibu na mwisho kabisa kuna mteremko wa Inyala, unaojulikana kwa ajali za malori. Njiani kote kuna mizani, na mizani zina habari njema na mbaya: zinazuia lori kuzidisha uzito, lakini lori likikutwa limezidisha linaweza kuamriwa kushusha sehemu ya mzigo pale pale, na mzigo unaoshushwa kando ya barabara haumo tena katika safari iliyoelezwa.

Hata hivyo, maswali yangu mengi kwa mama hayakuwa juu ya Kitonga. Yalikuwa juu ya usiku. Lori linalala wapi, na nani anabaki nalo? Hati nyingi hazilipi wizi uliotokea gari likiwa halina mtu, isipokuwa kama limefungiwa mahali palipo salama. Fuso ya bodi ya mbao haina mlango wa kufunga. Ulinzi wake ni kamba na turubai. Kwa hiyo yale maneno "maegesho yenye uzio na mlinzi; yeye au utingo hubaki garini" yana uzito kuliko aya nzima iliyobaki. Tulimpigia dereva simu kuthibitisha kabla sijaandika. Kwanza alisema hulala "popote pale". Baadaye akakubali kulala Iringa, na mama akakubali kumwongezea fedha ya maegesho.

Jambo la pili ambalo barua fupi ingeliacha ni guta na kirikuu. Mama alihesabu safari kuanzia yadi ya malori, kwa kuwa huko ndiko anakolipa nauli. Lakini katoni zake za glasi zinatoka maduka matatu tofauti Kariakoo, zinasukumwa kwenye guta katikati ya watu, bajaji na mikokoteni, zinashushwa, zinapandishwa, na Uyole zinashushwa na kupandishwa tena. Hasara yake ya glasi ya zamani ilitokea pale pale, wala haikuwa barabara kuu. Kila mkono unaoigusa katoni ni nafasi ya kuivunja, na kutoka duka la jumla hadi rafu ya Mwanjelwa nilihesabu mikono sita. Bima isiyotaja kupakia na kushusha huanza gari likitembea na kuisha likisimama. Kampuni haikudanganyi, wewe hukuomba.

Upande wa thamani si mrefu. Kuna tarakimu mbili zisizochanganywa: kikomo cha safari moja, ambacho kwake ni milioni 30 ili kibebe Desemba, na makadirio ya mwaka mzima, milioni 300, ambayo ndiyo hukokotolea ada. Kishawishi ni kupunguza. Tuseme, kwa mfano tu, ada ni shilingi tatu kwa kila elfu, na mama akaandika mzigo ni milioni 16 badala ya 24. Ameokoa shilingi 24,000 kwa safari. Siku lori likiyumba na vyombo vya milioni 6 vikavunjika, kampuni itasema: umekatia bima theluthi mbili ya mzigo, nasi tunalipa theluthi mbili ya hasara. Milioni 6 inakuwa milioni 4. Ikiwa hati inamtaka abebe mwenyewe asilimia 10 ya madai, inabaki 3,600,000. Shilingi 24,000 zimemgharimu 1,800,000. Nauli tuliiingiza ndani ya thamani kwa sababu mzigo uliofika ukiwa vipande haurudishiwi nauli yake.

Barua ilikubaliwa baada ya kujaza fomu yao, ambayo iliuliza karibu yale yale. Wao waliongeza sharti moja, kwamba vyombo visipakiwe chini ya saruji, mafuta ya kula au vyuma. Nilimsisitizia kwamba kukubaliwa si kuwa na bima. Tanzania bima haianzi mpaka ada imelipwa, na juu ya ada ya mizigo kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo watu husahau kuiweka mfukoni.

Jibu la kama barua ilifaa lilikuja mwezi wa Februari. Lori lilifika Uyole alfajiri likiwa limepigwa na mvua tangu Makambako, na turubai la juu limechanika upande wa kulia. Katoni tisa za sahani zilikuwa zimelowa, na mbili kati ya zilizokuwa chini zilikuwa zimebonyea. Kisha dukani, walipofungua katoni za glasi, tatu zilikuwa kavu, nzima, pembe zimekaa sawa, lakini ndani ni vigae.

Mama alifanya mambo mawili ambayo tulikuwa tumezungumza. Kabla ya kusaini karatasi ya kupokea mzigo aliandika kwa mkono wake, "katoni 9 zimelowa, 2 zimebonyea", na dereva akasaini chini yake. Ukisaini karatasi safi umekiri mzigo umefika salama, na kampuni inaweza kushindwa kumdai msafirishaji baada ya kukulipa wewe. Pili, hakutupa kitu. Vigae, katoni zilizolowa, hata kamba, vyote vilikaa ghalani mpaka mkadiria hasara alipofika kesho yake.

Nilikuwepo, na nilipenda kumtazama akifanya kazi. Katoni iliyolowa aliigeuza huku na huku akitafuta mstari wa maji. Alama ilianzia juu na kutiririka upande mmoja: mvua, kupitia turubai. Ingeanzia chini ikapanda sawasawa pande zote, ingekuwa sakafu ya bodi au dimbwi la ghala, na maswali yangekuwa mengine. Aliomba picha lori lilipoondoka Dar, na dereva alikuwa nayo kwenye simu, maturubai mawili mazima. Upande wa sahani ukaisha. Lakini hakulipa katoni tisa. Sahani ya kauri hailowi, ukiifuta inauzwa. Walipozihesabu, zilizovunjika zilikuwa sawa na katoni nne, shilingi 720,000. Kiasi cha kubeba mwenyewe kilikuwa asilimia 10 ya madai lakini kisipungue 200,000. Alilipwa 520,000.

Kwenye glasi mkadiria alichukua katoni moja, akaibonyeza pembeni kwa kidole, kidole kikazama. Ndani hakukuwa na vigawanyo. Glasi zilizungushiwa gazeti. Nje, chini ya rangi nyekundu ya KIOO, ilionekana picha ya mche wa sabuni.

"Mama, hapa umetuandikia katoni mpya za tabaka tano."

"Mwezi ule muuzaji alikuwa ameishiwa," alijibu, "nikasema safari moja tu."

Katoni nzima na kavu kwa nje, huku vilivyo ndani vimevunjika, inasema jambo moja: hakuna kilichoigonga, bali vilivyomo viligongana vyenyewe. Shilingi 450,000 za glasi hazikulipwa. Nadhani mkadiria alikuwa sahihi, ingawa siku ile sikuthubutu kulisema hilo mbele ya mama.

Tangu hapo hufunga glasi kwa kusimamia mwenyewe, na mwezi ambao katoni mpya hazipatikani huzipandisha zile za kiwandani tu, glasi zikasubiri. Nawe unayesafirisha, kabla hujaandika barua yako, nenda kwanza ukamuulize dereva wako usiku analala wapi.